Njia ya Kupita Si Nafasi Iliyopotea: Upangaji wa Magunia ya Mahindi Katika Maghala ya Ushirika

Mada kwa semina ya watunza maghala na wajumbe wa kamati za ushirika



Nimeombwa nieleze maana ya ghala bora. Sitakaa sana hapo, maana wote mnajua kwamba paa lisivuje, sakafu isipitishe unyevu, panya wasipate tundu, na mahindi yaingie yakiwa makavu, unyevu usiozidi asilimia 13 au 13.5. Mnajua pia kwamba magunia hukaa juu ya chaga za mbao, hayalazwi kwenye saruji. Hayo tumeyafundisha tangu zamani na kwa sehemu kubwa yanafuatwa. Lisilofuatwa ni moja, nalo ndilo lililonileta hapa: nafasi ya kupita.

Kwa hesabu, tuchukue chumba kimoja cha kawaida. Urefu mita 12, upana mita 8, mlango katikati ya ukuta mrefu, na kutoka sakafuni hadi kwenye boriti ni mita 4.2. Gunia la kilo 100 likilazwa vizuri huchukua karibu mita moja kwa nusu mita, unene sentimita 28 hivi. Acha mita moja kila ukuta. Mbele ya mlango acha njia kuu ya mita mbili, ikate chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Kinachobaki ni malundo mawili, kila moja mita 4 kwa 6. Safu moja ya lundo ni magunia 48. Panda safu kumi, utafika karibu mita tatu pamoja na chaga, na juu itabaki zaidi ya mita moja ya hewa. Kila lundo ni magunia 480. Chumba kizima kinabeba magunia 960.

Sasa mwulize mjumbe wa kamati chumba hicho kinachukua mangapi. Atakuambia 2,500, na kwa upande mmoja hakosei. Ukijaza ukuta hadi ukuta, safu 14 mpaka karibu uguse boriti, yanaingia magunia 2,688. Ada ya hifadhi hulipwa kwa mzigo, wala hakuna anayelipia hewa. Ndiyo maana kila msimu nakuta njia imejazwa. Huanza na magunia machache "ya muda tu" ya mkulima aliyechelewa. Njia kuu peke yake inameza magunia 240, na ikishajaa hakuna tena sababu ya kuheshimu zile za pembeni.

Naomba nisimulie ghala moja la Nyanda za Juu Kusini, bila kulitaja. Chumba chake kilikuwa na vipimo hivi hivi. Julai nilikikagua kikiwa na malundo mawili safi. Niliporudi Novemba sikuweza kuingia. Nilisimama mlangoni uso kwa uso na ukuta wa magunia. Kwenye mishono ya magunia ya mbele palikuwa na unga mwembamba mweupe, na chini yake punje zenye matundu. Dumuzi, yule ambaye Tabora walimpa jina la Scania, alikuwa ameshajenga kwake.

Dawa yake ghalani ni kufukiza. Vidonge vinatoa gesi ya fosfini, nayo lazima ifungiwe chini ya turubai lisilopitisha hewa kwa siku zisizopungua tano hadi saba. Turubai linashuka mpaka sakafuni pande zote nne, linalala chini angalau nusu mita, na juu ya pindo hilo tunapanga mifuko mirefu ya mchanga. Mita moja ya pembeni kazi yake ni hiyo. Mtu anainama, analaza pindo, anapanga mchanga, anazunguka lundo zima akikagua. Pale hatukuwa na pa kuinama. Kamati iliomba tufunike juu na mbele tu, tuzibe mlango kwa magazeti. Nilikataa, nikazidiwa. Baada ya siku saba tulipofungua, wadudu wa pembeni walikuwa wakitembea. Fosfini iliyovuja haiui wote. Wanaobaki ni wale wanaoistahimili, na vizazi vyao vitatushinda sote. Ilibidi magunia yatolewe nje, mvua zikiwa zimeanza, malundo yapangwe upya na vidonge vinunuliwe mara ya pili. Yaliyoegemea ukuta wa mashariki tuliyakuta yamelowa na kugandamana, yana ukungu. Hayo hayakuuzwa, kwa hofu ya sumukuvu.

Kuna na hasara isiyosemwa kwa sauti. Lundo linalozungukika huhesabika: magunia 48 mara safu kumi, hata mgeni atapata 480. Lisilozungukika linaweza kuwa na shimo katikati na mtu asijue mpaka siku ya mnunuzi. Simtuhumu yeyote aliyemo humu.

Kuhusu mfungo wa magunia nitasema kwa kifupi, maana makuli wetu wanaujua kuliko mimi. Magunia mawili yalale sambamba na la tatu likingame kwenye vichwa vyake. Safu inayofuata igeuzwe, ili kila gunia likalie kiungo cha yaliyo chini yake kama tofali. Midomo ielekee ndani. Lundo likianza kuota kitambi ubavuni, lishusheni kabla halijashuka lenyewe. Mifuko ya salfeti huteleza kuliko ya katani, kwa hiyo msizidishe mita tatu hata paa likiwa refu. Na lumbesa, mbali na kumwibia mkulima, haina mgongo wa kukaliwa. Gunia lenye kilemba huyumbisha safu zote zilizo juu yake.

Mapendekezo

Mistari ya malundo ichorwe sakafuni kwa rangi kabla ya msimu, wakati chumba kitupu. Rangi haiogopi mwenyekiti wa kamati; mtunza ghala, kwa uzoefu wangu, humwogopa.

Uwezo wa chumba uandikwe mlangoni baada ya kutoa njia. Kwa chumba cha mfano wetu ni 960, na yeyote anayepanga mapokezi ya msimu atumie tarakimu hiyo, si 2,688.

Mita moja ya ukutani ibaki mita moja. Njia kuu ibaki mita mbili, hata kwa mzigo "wa muda". Makuli wakijenga ngazi ya magunia ili kupandia safu za juu, ngazi hiyo ivunjwe siku hiyo hiyo, maana nyingi huishia kuwa sehemu ya lundo.

Mfukizaji apewe haki ya kukataa kazi pale ambapo hawezi kuzunguka lundo, na kukataa kwake kuandikwe kwenye daftari la ghala.

Safu kumi zisizidi, na mita moja chini ya boriti iheshimiwe. Usiku wa baridi bati hutoa jasho, na matone huangukia safu ya juu.

Mzigo ukizidi uwezo, kamati ikodi chumba kingine mapema badala ya kungoja foleni ya malori. Najua bajeti ni finyu. Naomba tu, kabla kamati haijasema kodi ni ghali, ipige hesabu ya gharama ya kutoa magunia yote nje mwezi wa Novemba na kuyapanga upya.

Na kwa mara ya mwisho, ndugu Mwenyekiti: njia isijazwe. Jumatatu ijayo nitapita kwenye maghala ya wilaya hii nikiwa na futi kamba na kopo la rangi. Naomba funguo ziwepo.