Jiwe la Figo, Mchicha na Maziwa
(Maneno ya Katibu katika darasa la kisomo cha watu wazima)



Mwenzetu mmoja alitoa jiwe la figo. Jirani akamwambia, "Hiyo ni chokaa, acha maziwa na dagaa." Akaacha. Mchicha hakuuacha, mchana na jioni. Mwaka uliofuata akapata jiwe jingine. Darasani mliniuliza kosa liko wapi.

Mawe mengi ya figo yametokana na vitu viwili vilivyoshikana: kalsiamu, na kitu kilichomo katika majani, jina lake oksaleti. Mchicha unayo nyingi, kabichi inayo kidogo. Vikishikana haviyeyuki kirahisi. Sasa tazameni vinakutania wapi.

Vikikutana katika utumbo, ni heri. Kilichoshikana hakipenyi kuingia damuni, kinatoka na choo, basi. Lakini ukila mchicha bila kalsiamu, oksaleti inakosa wa kuishika. Inapenya damuni, figo inaitoa kwa mkojo. Na kwenye mkojo kalsiamu haikosekani hata kama hunywi maziwa, kwani mwili unayo akiba katika mifupa. Huko ndiko vinashikana, chembe juu ya chembe, mpaka jiwe. Kwa hiyo ndugu yetu alimfukuza mlinzi wa mlangoni.

Jambo hili lilipimwa Italia, matokeo yakatolewa mwaka 2002. Wanaume 120 waliokuwa wakirudiwa na mawe waligawanywa sawasawa. Nusu walipunguziwa kalsiamu. Nusu walikula kalsiamu ya kawaida, ila nyama na chumvi vikapunguzwa. Baada ya miaka 5, katika kundi la kwanza watu 23 walipata jiwe tena. La pili 12. Siwezi kusema ni maziwa peke yake, maana chumvi nayo inasukuma kalsiamu kwenye mkojo, na wale waliipunguza.

Basi aliyewahi kuugua achemshe mchicha kwa maji mengi, ayamwage. Najua akina mama watanung'unika kwamba nguvu ya mboga inamwagika. Ni kweli, sehemu inapotea, lakini hata oksaleti nyingi inakwenda na maji hayo. Halafu ale dagaa na mifupa yake, au mtindi, pamoja na mboga hiyo hiyo. Maziwa ya saa nne usiku hayawezi kuushika mchicha wa mchana. Vidonge vya kalsiamu ni habari nyingine, asivimeze bila kumwuliza mganga wa zahanati. Na anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe, hasa siku za jembe.

Jiwe la pili mwenzetu amelihifadhi ndani ya kibiriti. Tumekubaliana alipeleke hospitali likapimwe, kwani yapo mawe ya aina nyingine, na hayo maneno yangu ya leo hayayahusu.