Kuhesabu mara ya tano

Juma hili tumesoma Matayo 25, habari ya talanta. Mtumishi wa tatu hakuiba wala hakutapanya mali. Alifukia talanta yake chini, na alipoulizwa na bwana wake, alisema aliogopa. Sisi tunapenda kumwita mvivu na kupita, na kweli bwana wake alimwita hivyo. Lakini neno lile la woga tusiliruke, maana tunalijua hapa kwetu.

Ndugu mmoja kati yetu alipewa kazi ya kuhesabu matoleo. Kila siku ya Mungu alihesabu franga mara mbili na kupata jibu lile lile. Hata hivyo moyo ulimpiga, akahesabu tena, mara tano, mara sita. Tangu siku ya posho tumbo lilikuwa limeanza kumkaza.

Tulikaa naye, tukaona jambo hili. Kuhesabu kwa uangalifu kunaisha: majibu mawili yakilingana, kazi imekwisha. Kuhesabu kwa woga hakuishi hata yakilingana. Akirudia, moyo unatulia dakika chache, halafu moyo unaamini kwamba kurudia ndiko kulikomwokoa. Juma linalofuata unadai zaidi.

Basi tulipatana hivi. Watu wawili wahesabu, kila mmoja mara moja, bila kuambiana jibu. Yakipishana, warudie. Yakilingana, waandike, watie sahihi wote wawili, wafunge daftari. Kisha ndugu aende nyumbani ale na watoto wake, asirudi kumuuliza mwenzake, "Una hakika?" Kuuliza vile ni kuhesabu tena kwa kinywa cha mwingine. Hatukumwambia asiogope. Woga ulikuja, na usiku wa kwanza alilala kidogo sana. Juma la nne, jioni ilipofika, woga ulikuwa umeshuka wenyewe, bila yeye kugusa daftari. (Mtu ambaye woga wa namna hii umemnyima usingizi majuma mengi, au umeingia katika kila kazi yake, tunamwombea na tunamsindikiza kwa daktari pia.)

Halafu kosa lenyewe likatokea. Jumla ilikuwa 45.600, yeye akaandika 46.500, na mwenzake akatia sahihi bila kuliona. Siku mbili baadaye mchungaji alikuta daftari na pesa vinapishana kwa 900. Mama mmoja anayeuza sokoni alicheka, akasema: pengo likigawanyika kwa 9, angalieni kwanza kama tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Ndivyo ilivyokuwa. Walipiga mstari mmoja juu ya namba ile, wakaandika ya kweli pembeni, wakatia sahihi. Hazikupita dakika tano.

Ndugu alituambia kwamba siku ile ndiyo aliyoiogopa miaka mitatu. Siku ya Mungu iliyofuata alikuja, akakaa mezani, akahesabu mara moja.