Mafuriko na Kandarasi: Ni Lini Tukio Lisilozuilika Humwondolea Mtu Wajibu?

Maelezo kwa wakazi wa Migori na Homa Bay



Kila mvua ya masika inaponyesha, kuna mwenye kandarasi anayesema, "Kazi imechelewa kwa sababu ya mafuriko." Wakati mwingine sheria humkubalia. Mara nyingi humkatalia, na ni vyema mkazi ajue sababu.

Kandarasi nyingi za serikali huwa na kipengele ambacho wanasheria hukiita kwa jina la Kifaransa lenye maana ya "nguvu kubwa zaidi". Kipengele hicho hutaja matukio yasiyozuilika, kama vile mafuriko, vita, tetemeko la ardhi au amri ya serikali. Humu nchini msamaha huo hutokana na maandishi ya kandarasi yenyewe. Kama kipengele hakimo, mahakama haitakiongeza kwa huruma.

Hata kikiwamo, anayedai msamaha ndiye wa kuthibitisha mambo matatu. Kwanza, tukio halikuwa mikononi mwake wala hakulisababisha. Pili, tukio hilo hasa ndilo lililozuia kazi. Tatu, alifanya awezalo kupunguza hasara, na akatoa taarifa kwa maandishi katika muda uliowekwa. Katika kandarasi nyingi za ujenzi muda huo ni siku 14 tangu alipojua.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mjenzi anapewa kandarasi ya madarasa mawili ya chekechea huko Nyatike, karibu na Mto Kuja. Muda ni siku 120, kuanzia Machi 1 hadi Juni 28. Akichelewa, atakatwa shilingi 5,000 kwa kila siku. Mwezi wa kwanza hafanyi kitu kwa kuwa hajalipia vyuma vya msingi. Aprili 24 mto unavunja kingo, barabara inafungwa, na malori hayapiti kwa siku 21. Mwishowe anakabidhi kazi Agosti 18, akiwa amechelewa siku 51, na anadai zote zililetwa na mto.

Mhandisi anafungua shajara ya kazi. Siku 21 za barabara kufungwa zinaonekana, tena mjenzi alipeleka barua na picha katika wiki ya kwanza. Hizo anaongezewa, na tarehe ya mwisho inasogea hadi Julai 19. Siku 30 zilizobaki ni za vyuma, na mto hauhusiki nazo. Anakatwa shilingi 150,000. Lau asingeandika ile barua, na kandarasi inasema asiyetoa taarifa hupoteza haki, angekatwa siku zote 51, yaani shilingi 255,000.

Hapo kuna hoja nyingine. Wakazi wa Nyatike wanajua kwamba Kuja hufurika. Kama kipengele kinadai tukio lisiloweza kutarajiwa, maji ya kawaida ya kila masika hayatoshi, kwa sababu mjenzi makini alipaswa kuyaweka katika ratiba na bei yake. Atalazimika kuonyesha kwamba mafuriko ya safari hii yalipita mazoea.

Bei kupanda nayo si msamaha. Mfanyabiashara wa Homa Bay aliyeahidi kuipelekea shule omena kwa bei maalum bado anadaiwa omena hata kama bei ufuoni imeongezeka maradufu. Mwaka 1956 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua hivyo katika kesi ya wajenzi wa nyumba 78, ambao kazi yao ya miezi 8 ilichukua miezi 22 kwa uhaba wa vibarua. Kazi kuwa ghali au ngumu kuliko ilivyotazamiwa haikuvunja mkataba.

Je, kama kipengele hakimo kabisa? Inabaki njia moja nyembamba: mkataba kuvunjika wenyewe kwa sababu kitu kilichokuwa msingi wake hakipo tena. Mfano ni mtu aliyekodi ukumbi wa ufuoni kwa sherehe ya siku mbili, kisha ziwa likaumeza ukumbi kabla ya siku hiyo, jinsi Ziwa Viktoria lilivyopanda na kuzamisha majengo ya ufuoni mwaka 2020. Mwenye ukumbi hawezi kushtakiwa kwa kukosa kuutoa. Kanuni hiyo ilitokana na kesi ya ukumbi wa muziki ulioteketea jijini London, iliyoamuliwa mwaka 1863. Lakini kama ukumbi umelowa sakafu tu na unaweza kukaushwa, mkataba ungali hai.

Basi mkazi akiona mradi wa wadi yake umesimama na kuambiwa ni mafuriko, ana maswali matatu ya kuuliza: kipengele kinasemaje, barua ya taarifa iliandikwa tarehe gani, na kazi ilikuwa imefika wapi siku moja kabla ya maji kuja.