Shamba Linapopumzika Halilali

Mazungumzo ya kilimo kwa wakazi, yaliyoandaliwa kwa ajili ya vijana wanaochukua mashamba ya wazazi wao.



Mazungumzo ya leo yanahusu mambo mawili ambayo wengi wameyasikia bila kuelezwa maana yake: kubadilisha mazao na kupumzisha shamba. Mfano utakaotumika ni wa kijana aliyerithi ekari moja huku magharibi mwa Kenya, mahali panapomea kayongo, yaani gugu la striga lenye maua ya zambarau.

Kijana huyu amekabidhiwa shamba na mamake baada ya babake kufariki. Miaka ya zamani ekari hiyo ilitoa magunia 12 ya mahindi kila masika. Sasa inatoa matatu. Jirani anataka kuikodisha kwa bei ndogo, na kijana anawaza kukubali aende mjini kutafuta kibarua. Kabla ya kukubali, anamwendea afisa wa kilimo wa wadi.

"Mwanangu," afisa anamuuliza, "babako alikuwa akibadilisha mazao?"

"Ndiyo, mzee. Mwaka huu mahindi na maharagwe, mwaka mwingine mtama, halafu mahindi tena."

Hapo ndipo penye kosa ambalo familia nyingi hulifanya bila kujua. Kayongo haimei kama magugu mengine. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na hulala udongoni hadi inapopata harufu ya mizizi ya nafaka. Ikiipata, inachipua, inajishikiza kwenye mzizi na kunyonya maji na chakula. Mahindi, mtama, wimbi na miwa yote huilisha. Kwa hiyo kutoka mahindi kwenda mtama ni kumbadilishia mgeni sahani tu, chakula ni kile kile. Hata kuchanganya mahindi na maharagwe kila msimu hakutoshi, kwa sababu mahindi bado yanarudi mahali pale pale.

Kubadilisha mazao, basi, maana yake ni kuweka mahali hapo zao ambalo adui wa zao lililotangulia hawezi kulila. Soya, njugu karanga na kunde zina faida ya ziada. Mizizi yake huweza kuiamsha mbegu ya kayongo, lakini ikishachipua haipati mahali pa kunyonya, nayo hufa ndani ya siku chache. Viazi vitamu na mihogo pia hailishi kayongo.

Afisa anamwonyesha kijana jinsi ya kuhakikisha. Mahindi yanaponyauka na kuwa na michirizi ya manjano ilhali udongo una unyevu, chimba shina moja taratibu, usilivute. Osha mizizi kwa maji. Ukiona vijiti vyeupe vimeshikamana nayo, hiyo ni kayongo ambayo bado haijatoka juu. Madhara makubwa hutokea wakati huo, kabla ua moja halijaonekana. Ndiyo maana kung'oa peke yake hakuokoi mavuno ya msimu huo. Hata hivyo ing'olewe kabla haijatoa maua, kwa kuwa mmea mmoja waweza kumwaga mbegu zaidi ya 50,000, na mbegu hizo huishi udongoni kwa zaidi ya miaka 10.

Sasa kuhusu kupumzisha shamba. Wazee waliokuwa na ardhi kubwa waliacha kipande kwa miaka mingi, kikaota nyasi na vichaka, wakahamia kingine. Mwenye ekari moja hawezi. Tena akiliacha shamba liote nyasi kwa msimu mmoja tu, faida ni ndogo, na mbuzi wa kijiji wataligeuza malisho. Mapumziko ya shamba dogo ni ya kupandwa. Unapanda mmea usioliwa na kayongo, wenye mizizi mirefu, unaochukua naitrojeni hewani na kuirudisha ardhini kupitia majani yake. Mmoja wao ni utupa, unaoitwa pia tefrosia. Mbuzi hawaupendi, nao hupandwa kwa mbegu moja kwa moja shambani. Tahadhari ni moja: majani yake ni sumu kwa samaki, kwa hiyo yasitupwe mtoni wala karibu na kidimbwi.

Afisa anachora mpango kwenye daftari. Ekari inagawanywa vipande vitatu vilivyo sawa. Masika ya kwanza, kipande chenye kayongo nyingi zaidi kinapandwa utupa kwa mistari na kupaliliwa vizuri miezi miwili ya mwanzo. Kipande chenye afuadhali kinapandwa mahindi kwa samadi. Cha tatu kinapandwa soya. Vuli ikifika, palipovunwa mahindi panapandwa kunde au viazi vitamu, na palipovunwa soya panapandwa mboga. Utupa unaachwa hadi Februari. Hapo unakatwa, shina zinapelekwa jikoni kuwa kuni, na majani na matawi laini yanachanganywa na udongo wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Masika ya pili mahindi yanahamia hapo, soya inaenda palipokuwa na mahindi, na utupa unaenda palipokuwa na soya. Mwaka wa tatu vinazunguka tena.

Kijana anauliza swali la maana: "Na familia itakula nini, nikipanda mahindi kwenye theluthi moja?"

Afisa hamfichi. Ekari nzima ilikuwa ikimpa magunia matatu, kwa hiyo kila kipande ni kama gunia moja. Kwa kuviondoa viwili kwenye mahindi, anapoteza magunia mawili masika hayo. Pengo hilo litazibwa na soya, viazi na kunde, ama kwa kula ama kwa kuuza na kununua mahindi. Mwaka wa kwanza ndio mgumu. Asiyeweza kuubeba wote aanze na nusu ya kipande kimoja, mradi kiwe kile kibaya zaidi.

Kuna jambo ambalo mapumziko hayawezi kufanya. Utupa huongeza naitrojeni, lakini hauongezi fosforasi, na udongo wa sehemu nyingi za magharibi una upungufu wake. Mahindi yakiwa madogo na majani yenye rangi ya zambarau yangali machanga, hiyo ni dalili mojawapo. Mbolea ya kupandia yenye fosforasi bado itahitajika. Udongo ukipimwa, mkulima atajua anahitaji kiasi gani.

Na atajuaje kwamba mpango unafanya kazi? Asiangalie magunia peke yake, maana mvua nayo ina neno lake. Kila mahindi yanapoingia kipande fulani, apime hatua kumi kwa kumi, ahesabu mashina ya kayongo, aandike kwenye daftari, ndipo ayang'oe. Mzunguko mmoja hautaimaliza, kwa kuwa mbegu za zamani bado zimo. Hesabu ikishuka kutoka mzunguko hadi mzunguko, yuko njiani. Isiposhuka, huenda kuna mimea iliyoachwa itoe mbegu, au jembe la kuazima limeleta udongo wa kwingine bila kuoshwa.

Jirani anayetaka kukodisha atapanda mahindi kila msimu, kwa sababu shamba si lake. Mwenye kurithi ndiye pekee anayeweza kungoja miaka mitatu.

Wenye maswali wamwone afisa wa kilimo wa wadi yao kabla ya Machi, mipango ya masika haijafungwa.