Asali Yako Iseme Ilikotoka

Msikilizaji kijana unayerina asali Tabora na kuiuza Dar es Salaam, mteja wako wa mjini ana hofu moja: sukari. Hajauona mzinga wako. Siku asali ikiganda chupani, atasema umemchanganyia. Kumbe asali safi nayo huganda, kwa sababu sukari yake ya asili hujikusanya na kuwa chembechembe, hasa penye baridi. Kwa hiyo hadithi ya asali yako ijibu hofu hiyo. Sema ilikotoka. Kwenye lebo andika kijiji, msitu wa miombo, na mwezi uliorina. Kisha ongeza: “Ikiganda, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Usiichemshe.”

Wapo watakaosema mteja haangalii maneno, anaangalia bei. Ni kweli, bei huangaliwa. Lakini chupa mbili zikifanana, kinachobaki ni uaminifu. Wengine watasema bila kuandika “inatibu kila ugonjwa” haiuziki. Neno hilo limeandikwa kwenye chupa nyingi, na mnunuzi hana namna ya kulihakiki. Mwezi wa kurina anaweza kukuuliza, nawe ukamjibu. Basi zungumza kama unavyomweleza jirani: kwa upole, kwa ufupi, bila majigambo. Na kama asali umeinunua kwa wenzako, sema hivyo pia. Leo chukua lebo yako, futa sifa usizoweza kuzithibitisha. Kisha sema ilikotoka.