Mahali, Huduma na Msimu: Maelezo Ambayo Mgeni Husoma Kabla ya Kufungua Ukurasa

Hotuba kwa wamiliki wa nyumba za wageni, Lamu



Mgeni aliye Nairobi au ng'ambo haanzi kwa kutafuta jina la nyumba, kwa sababu halijui. Huandika mahali, anachohitaji na wakati wa safari: "nyumba ya wageni Shela yenye kiyoyozi Desemba". Google humletea orodha. Kila nyumba ina mstari mmoja wa kichwa na sentensi moja au mbili chini yake, na kwa hayo tu mgeni huamua afungue ipi. Maneno hayo mara nyingi hutoka katika metadata, yaani maelezo ya ukurasa ambayo anayeutazama ukurasa wenyewe haoni.

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba 6 iliyoko Shela, ambayo hufungwa Mei na Juni wakati wa masika. Kichwa cha ukurasa wake kilikuwa neno moja, "Karibu". Neno hilo halisemi nyumba iko wapi wala inatoa nini. Maelezo yake yakaandikwa upya hivi:

```html
<title>Nyumba ya wageni Shela, Lamu: vyumba 6, baraza juu ya paa</title>
<meta name="description" content="Vyumba 6 Shela, dakika 5 kwa miguu hadi ufukweni. Kiyoyozi vyumba 2, feni vyumba vyote, Wi-Fi. Tunafunga Mei na Juni.">
```

Mahali pametangulia kwa sababu kichwa kirefu hukatwa mwishoni, hasa kwenye simu. Google haijaweka idadi rasmi ya herufi. Hukata kulingana na nafasi iliyopo kwenye skrini. Kichwa hiki kina herufi 57, nacho kikikatwa, kitakachopotea ni baraza, si Shela. Pia imeandikwa Shela pamoja na Lamu, kwa kuwa anayetaka ufuo na anayetaka Mji wa Kale hawatafuti kitu kimoja.

Upande wa huduma, maneno kama "huduma bora zote" hayamsaidii mtu, kwa sababu hakuna anayeyatafuta. Taja kitu chenyewe, na kiasi chake. Kiyoyozi kikiwa katika vyumba 2 pekee, sema vyumba 2. Jihadharini pia na maelezo yaliyonakiliwa kutoka hoteli ya bara. Ukiandika "maegesho ya magari", mgeni atakuja akiendesha hadi Mokowe, na hapo ndipo atagundua kwamba gari hubaki bara naye avuke kwa boti. Heri kuandika mapema: "Gari huachwa Mokowe, boti hadi Shela."

Msimu ndio unaoharibu kazi zaidi, kwa kuwa maneno hubaki vilevile huku miezi ikipita. Ukurasa unaoahidi "bahari tulivu" bila kutaja mwezi humvutia pia mgeni wa Julai, ambaye atakuta kusi ikivuma na mawimbi makubwa Shela. Ahadi hiyo ifungamanishwe na miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi. Maulidi nayo hufuata kalenda ya Kiislamu, hivyo kila mwaka huja mapema kwa takriban siku 11. Ukiandika mwezi wake kwenye kichwa, miaka michache baadaye utakuwa unawapotosha wageni. Taja Maulidi kwa jina, kisha tarehe za mwaka husika ziwe ndani ya ukurasa, pahali ambapo ni rahisi kuzibadilisha.

Kuna mipaka ya kujua. Google inaweza kuyaacha maelezo yako na kuchukua sentensi nyingine kutoka ukurasani ikiona inajibu swali vizuri zaidi. Kwa hivyo yaliyomo kwenye metadata yawe pia ndani ya ukurasa, kwa lugha ileile. Ukurasa wa Kiingereza uwe na kichwa chake cha Kiingereza. Kujaza orodha ya maneno katika `meta name="keywords"` ni kupoteza muda. Google ilitangaza mwaka wa 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Ili kujikagua, andika `site:` ikifuatwa na anwani ya tovuti yako, bila nafasi kati yake, utafute kwenye Google. Utaona kurasa zako takriban jinsi mgeni anavyoziona. Mabadiliko huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki, kuonekana. Kisha fungua Search Console, huduma ya bure inayoonyesha maneno waliyotafuta watu na mara walizobofya. Nyumba ikionekana mara nyingi kwa "Shela Desemba" lakini haibofywi, anza kwa kurekebisha kichwa. Wakibofya, kisha kila anayepiga simu akauliza kama mko wazi Mei, basi maelezo hayajataja msimu.