Mbao za Mzinga Penye Joto

Wafugaji wa nyuki wa Dodoma na Kitui, leo tuzungumzie mbao za mzinga.

Nyuki hutunza watoto wao kwenye joto la nyuzi 34 hadi 35. Jua likizidi, wengine huenda kuteka maji na wengine hupunga mabawa mlangoni. Kazi hiyo yote inawapunguzia muda wa kutafuta nekta. Kwenye mzinga wa viunzi vya juu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu sega linaning'inia tu. Nta ikilainika, sega lililojaa asali hudondoka. Ukiona asali inavuja chini ya mzinga mchana, huenda limeshaanguka.

Chagua mbao nyepesi, kama msindano au mgrevilea, yenye unene wa milimita 25 hivi. Wepesi wake unatokana na vijitundu vya hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto kupenya. Mninga hudumu zaidi na mchwa hauwezi kirahisi, ila ni mzito na bei yake, mnaijua.

Mbao iwe imekauka sawasawa. Mbichi itapinda, iache nyufa, na siafu wataingia. Yenye rangi ya kijani ya dawa ya mchwa iache hukohuko dukani.

Bati ni la kukinga mvua tu. Acha nafasi ya vidole vinne kati yake na viunzi, kisha tandika nyasi kavu juu, uzifunge zisipeperuke.